Nukuu ambayo haikuwa nukuu: shajara ya mradi wa uhakiki

Siku ya 1

Mradi wenyewe ni mdogo. Tunatengeneza chombo cha uhakiki: mtu anaiuliza modeli ya lugha swali, anapata jibu refu, kisha mhakiki analipitia jibu hilo sentensi moja moja na kuandika dosari zake. Ili mhakiki asihangaike kupanda juu ya skrini kuitafuta sentensi anayoitolea maoni, nikamwekea kitufe cha "Nukuu". Akikibonyeza na kutaja jambo, programu inaiandikia modeli, ndani ya mazungumzo yaleyale: nukuu neno kwa neno sentensi uliyoandika kuhusu jambo hili. Kinachorudi kinaingia kwenye kisanduku, na maoni ya mhakiki yanakaa chini yake.

Niliichukulia kuwa kazi ya saa moja, na kweli iliisha kwa saa moja. Leo mchana mwenzangu anayesimamia wahakiki akanipigia. "Kaka, hii sentensi iliyo kwenye kisanduku mimi sikuiona kule juu."

Nikamjibu kwamba haiwezekani, modeli imeambiwa ijinukuu. Akasema, "Basi fungua mwenyewe uangalie."

Nimefungua. Jibu lilikuwa la namna ya kutunza nakala rudufu za faili. Sentensi ya kule juu ni hii:

> Usifute nakala ya zamani mpaka uwe umeijaribu ile mpya kwa kuirejesha kwenye kompyuta nyingine.

Na iliyo kwenye kisanduku, ndani ya alama za kunukuu, ni hii:

> Usifute nakala ya zamani hadi uhakikishe kwamba nakala mpya inafanya kazi.

Ukizisoma haraka utasema ni mamoja. Lakini kiini cha sentensi ya kwanza ni kuirejesha nakala kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu nakala isiyowahi kurejeshwa hujui kama ni nzima. Kwenye nukuu hilo limetoweka, limebaki neno "uhakikishe" tu. Mhakiki aliyesoma kisanduku peke yake alikuwa ameshaandika: "Haielezi namna ya kuhakikisha." Yaani jibu limeshtakiwa kwa kosa ambalo halikulitenda, na ushahidi umetolewa na modeli yenyewe.

Nimekizima kitufe mpaka nielewe.

Siku ya 2

Kabla ya kutafuta sababu nilitaka nijue ukubwa wa tatizo, kwa hiyo nikaandika kipimo: chukua nukuu, iangalie kama imo ndani ya jibu la asili herufi kwa herufi. Kikaja na lundo la makosa. Nilipoyapitia kwa macho, mengi hayakuwa makosa ya maana. Tatizo lilikuwa ile alama ya ng'. Jibu la asili lilikuwa na kistari kilichonyooka, kile cha kibodi, na nukuu ilikuwa na kile kilichopinda. Kwa jicho ni neno moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Kila sentensi yenye "kung'amua", "ng'oa" au "king'ora" ilihesabiwa kuwa imepotoshwa. Nafasi mbili zilizofuatana na mistari iliyokatwa katikati ya sentensi zilileta fujo hiyohiyo.

Nimeisawazisha hivi:

```python
import unicodedata

def sawazisha(s):
    s = unicodedata.normalize("NFC", s)
    s = s.replace("\u2019", "'").replace("\u2018", "'")
    return " ".join(s.split())

ipo = sawazisha(nukuu) in sawazisha(jibu)
```

Sikugusa herufi kubwa na ndogo, wala nukta na koma. Anayenukuu neno kwa neno hana ruhusa ya kuhamisha koma.

Kipimo hiki kinatoa ndiyo au hapana tu. Nilitaka pia kujua nukuu imekosea kwa kiasi gani, nikatumia `difflib` ya Python kulinganisha maandishi herufi kwa herufi. Hapo nikapoteza saa mbili nzima. Nukuu ndefu zilizotofautiana na asili kwa maneno mawili matatu zilikuwa zikipewa alama za chini kupita kiasi, ilhali fupi zilipimwa sawasawa. Kumbe `SequenceMatcher`, kilinganishi cha `difflib`, ina tabia yake: mfuatano ukifika vipande 200, kila kipande kinachojirudia zaidi ya asilimia 1 hivi ya mfuatano huo kinahesabiwa kuwa cha kawaida mno, na hakitumiki tena kuanzishia ulinganisho. Ukilinganisha herufi, basi takriban alfabeti yote inatupwa. A na i za Kiswahili ndizo za kwanza kuondoka. Dawa ni kuandika `autojunk=False`. Nimebadilisha pia, sasa nalinganisha maneno badala ya herufi. Ni rahisi zaidi kwa binadamu kusoma "mpaka imekuwa hadi" kuliko orodha ya herufi zilizohama.

Baada ya kusafisha, makosa ya kweli yamepungua lakini bado ni mengi. Na hayafanani. Mengine ni neno moja, mengine ni sentensi nzima ambayo haimo kabisa.

Siku ya 3

Nimeanza na zile ambazo hazimo kabisa, kwa sababu zilinitisha zaidi. Nukuu safi, yenye mtindo uleule wa modeli, yenye istilahi zilezile, ila hakuna sentensi hata moja ya asili inayofanana nayo.

Jibu nililipata nilipoacha kuangalia skrini ya mazungumzo na kuanza kuchapisha kile hasa kinachotumwa kwa modeli kila ombi linapoondoka. Skrini inamwonyesha mhakiki mazungumzo yote. Ombi halikuwa nayo yote. Zamani niliweka kanuni kwamba mazungumzo yakirefuka, ujumbe wa mwanzo unaondolewa na mahali pake panawekwa muhtasari, ili tusipite ukubwa wa dirisha la muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kukiona kwa mara moja. Niliiweka mwenyewe na nikaisahau mwenyewe. Kwa hiyo mhakiki alipoomba nukuu ya jibu la kwanza, jibu hilo modeli haikuwa nalo. Ilikuwa na aya moja ya muhtasari wake.

Hili ningependa niliandike kwa kirefu, maana hata mimi ninayefanya kazi hii nilikuwa na picha isiyo sahihi kichwani. Tunasema "jibu lake la awali" kana kwamba modeli imelihifadhi mahali. Haikulihifadhi popote. Kinachodumu kati ya ujumbe mmoja na mwingine ni maandishi tu, yale yanayotumwa upya pamoja na kila ombi. Yakiwamo kwenye dirisha, modeli inayaona kama inavyoona maandishi ya mtu mwingine yeyote. Yasipokuwamo, haina pa kuyatoa. Lakini haitakaa kimya kwa sababu hiyo. Itaandika sentensi ambayo inaelekea ingeiandika kuhusu jambo hilo, na kwa kuwa ndiyo iliyoandika na ile ya kwanza, itafanana nayo mno. Ndiyo maana mhakiki hashtuki. Uongo wa mgeni ungeonekana. Huu una sura ya mwenye nyumba.

Nimeondoa ufupishaji kwa jibu lolote linalohakikiwa. Nukuu za namna hii zimekwisha. Zimebaki zile zinazobadilisha neno moja na kuendelea.

Siku ya 4

Nimeshughulikia mambo mengine. Hakuna la kuandika.

Siku ya 5

Leo nimemkamata mwizi mmoja.

Tunaendesha modeli hii kwenye mashine yetu, na faili la mipangilio nililirithi kutoka mradi mwingine ambao kazi yake ilikuwa kuandika maelezo mafupi. Ndani yake kulikuwa na mstari huu:

```
repetition_penalty: 1.2
```

Kule ulikuwa na maana. Modeli ndogo zina ugonjwa wa kujirudia, na adhabu hii huzizuia. Inafanya kazi kwa njia rahisi: kabla ya kuchagua kipande cha neno kinachofuata, kila kipande ambacho kimeshaonekana kwenye maandishi hupunguziwa alama. Alama ikiwa chanya inagawanywa kwa 1.2, ikiwa hasi inazidishwa. Thamani ya 1.0 maana yake hakuna adhabu. Na kwenye maktaba tunayotumia, "kimeshaonekana" hakihusu jibu jipya peke yake. Kinahusu pia mazungumzo yote yaliyotangulia.

Sasa fikiria kunukuu ni nini. Ni kuandika vipande ambavyo vyote, bila kubakiza hata kimoja, vimeshaonekana. Kila kipande sahihi kinatozwa faini, na kila kisawe ambacho hakijatumika kinapita bure. Nilikuwa nimeiagiza modeli inukuu huku nikiiadhibu kwa kila neno inalonukuu.

Nikarudi kwenye sentensi yetu ya nakala ya zamani na kuchapisha alama ghafi pale inapomaliza kuandika "Usifute nakala ya zamani". Kwa kukadiria, "mpaka" ilikuwa na 24.0 na "hadi" ilikuwa na 20.2. Pengo la 3.8 ni kubwa. Bila kuongeza wala kupunguza chochote, lina maana kwamba "mpaka" ina nafasi mara 45 hivi kuliko "hadi". Kwa maneno mengine, modeli ilijua vizuri kabisa neno gani linafuata. Halafu adhabu ikaingia. "Mpaka" imeshaonekana, 24.0 gawanya kwa 1.2 ni 20.0. "Hadi" haikuwa imetumika popote kwenye mazungumzo yale, ikabaki na 20.2 yake. Ikashinda.

Kilichofuata ndicho kinachoeleza sentensi nzima. Modeli huandika kipande kimoja, inakiongeza kwenye maandishi, kisha inatazama yote upya ili iandike kinachofuata. Haina kifutio. Ikishaandika "hadi", inatakiwa kuendeleza sentensi inayosema "Usifute nakala ya zamani hadi...", na sentensi hiyo haimo kwenye jibu la asili. Njia ya kunakili imekatika, imebaki njia ya mazoea: baada ya "hadi", kwenye ushauri wa namna hii, watu huandika "uhakikishe kwamba". Ndivyo kurejesha kwenye kompyuta nyingine kulivyopotea. Halikufutwa kwa kuonekana si muhimu. Reli ilihama kwenye neno moja, na behewa zote zikafuata.

Nimeweka 1.0. Nimeangalia pia kama kuna `no_repeat_ngram_size`. Haikuwapo, bahati yetu. Hiyo ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu haitozi faini, inakataza. Ukiiweka 3, hakuna mfuatano wa vipande vitatu unaoruhusiwa kutokea mara mbili, kwa hiyo nukuu kamili ya kitu chochote kinachozidi vipande viwili haiwezekani kabisa, hata modeli iwe hodari namna gani.

Siku ya 6

Joto. Mipangilio ilikuwa na `temperature: 0.7`, nayo inaipa modeli uhuru wa kuchagua mara mojamoja neno ambalo si la kwanza kwa alama. Kwa uandishi huru ni sawa. Kwa kunukuu kila chaguo la namna hiyo ni kosa.

Mwenzangu aliniuliza kwa nini nukuu za sentensi moja karibu zote zinatoka salama, lakini akiomba aya nzima kuna kitu kinabadilika. Nilimfanyia hesabu kwenye karatasi. Tuseme kila kipande kina nafasi ya 0.999 ya kunakiliwa sawasawa, yaani kosa moja katika elfu. Sentensi ya vipande 30 itatoka kamili kwa nafasi ya 0.97. Jibu la vipande 600 litatoka kamili kwa nafasi ya 0.55. Ni kama kurusha sarafu, na hapo modeli ni hodari kwa kila kipande. Kiswahili kinaongeza mzigo kidogo, kwa kuwa modeli nyingi hukikatakata maneno yake vipande vidogo kuliko zinavyofanya kwa lugha zilizoona kwa wingi zilipofunzwa. Neno kama "umeijaribu" linaweza kuwa vipande vitatu au vinne, na kila kipande ni njia panda.

Hesabu hiyo ina udanganyifu wake, nikamwambia na hilo. Hatari haigawanyiki sawa. Katikati ya neno lililoshaanza, modeli haikosei karibu kabisa. Inakosea mahali ambapo lugha yenyewe ina milango miwili: mpaka na hadi, kwa sababu na kwa kuwa, iwapo na ikiwa, vizuri na vyema, kwamba na kuwa. Nilipoyapanga makosa yaliyobaki, viunganishi ndivyo vilivyoongoza, na mwanzo wa sentensi ukafuata.

Nimeweka joto 0 kwa ombi la nukuu pekee. Uandishi wa majibu yenyewe nimeuacha ulivyokuwa.

Siku ya 8

Nilidhani leo nitafunga. Adhabu hakuna, joto sifuri, jibu lote limo kwenye dirisha. Kwa nukuu fupi mambo yamekuwa mazuri sana. Kwa nini basi bado zipo zinazokosea? Na sasa zinakosea kwa namna moja kila nikirudia, maana bahati nasibu imeondolewa.

Ya kwanza ilinichekesha. Jibu moja lilikuwa na kosa la upatanisho: "linganisha na vipimo zilizopita". Mhakiki alitaka kulinukuu kosa hilo hasa, aliandikie maoni. Nukuu ikaja: "linganisha na vipimo vilivyopita". Modeli imerekebisha kosa lake ndani ya alama za kunukuu, kimyakimya, kama mtu aliyeitwa mahakamani akaja amevaa shati jipya. Nimejaribu kuongeza kwenye agizo maneno "pamoja na makosa yoyote ya sarufi au tahajia, usirekebishe". Yamesaidia kwa hili la vipimo, hayakusaidia kwa jingine ambapo neno "kuthibitsha" lilikuwa limekosa i.

Sababu yake naiona hivi. Ndani ya modeli kuna mivutano miwili. Mmoja ni wa kunakili. Watafiti wa Anthropic waliueleza vizuri mwaka 2022: kuna sehemu za modeli ambazo kazi yake ni kutafuta mahali ambapo kipande kilichopo sasa kilitokea zamani, kuangalia kilifuatwa na nini, na kukipendekeza hichohicho. Mvutano wa pili ni wa lugha yenyewe, yaani kile ambacho maandishi mengi sana iliyofunzwa nayo yanasema kifuate. Sentensi ikiwa ya kawaida, mivutano yote inaelekeza kwenye neno moja. Sentensi ikiwa na kosa, inagombana. Baada ya "vipimo", kunakili kunasema "zi", lugha inasema "vi", na mafunzo ya mwisho yaliyoifanya iwe msaidizi mzuri yanasukuma upande wa "vi", kwa sababu kwa kawaida watu hupenda maandishi yaliyonyooka. Ajabu yake ni kwamba kadiri sentensi inavyokuwa ya kipekee, ndivyo nukuu inavyokuwa mashakani, na sentensi za kipekee ndizo tunazotaka kuzinukuu.

Ya pili ni ya hila zaidi. Jibu la nakala rudufu lina maneno "nakala ya" mara nyingi: nakala ya zamani, nakala ya kila wiki, nakala ya mwisho. Nukuu moja ilianza na sentensi ya tano na kuishia na sentensi ya tisa:

> Hifadhi nakala ya kila wiki kwenye diski ambayo haijaunganishwa na mtandao.

Kule juu, ya tano inasema nakala ya kila wiki ihifadhiwe kwenye folda ya pamoja. Ya tisa inasema nakala ya mwisho wa mwezi ndiyo ihifadhiwe kwenye diski ambayo haijaunganishwa na mtandao. Kila neno la nukuu ni la kweli, kila nusu imo, ila sentensi hiyo haikuwahi kuandikwa. Na ushauri umebadilika. Hili linaeleweka ukikumbuka ile kazi ya kunakili: kipande kilichopo kikiwa kimetokea mahali pengi, kuna mahali pengi pa kunakili kutoka, na njia inaweza kuruka kutoka sentensi moja kwenda nyingine pale yanapofanana. Kipimo changu cha siku ya 2 kiliikamata kwa kuwa kinadai mfuatano mzima. Ningekuwa nimekiandika kihesabu maneno yaliyomo tu, ingepita na alama kamili.

Ya tatu ni kosa letu. Mhakiki mmoja alizoea kuandika ombi kwa maneno yake: "nukuu pale uliposema tusitumie diski moja kwa kila kitu." Nukuu ikarudi: "Usitumie diski moja kwa kila kitu." Asili ilikuwa "Epuka kuweka nakala zote kwenye diski moja." Maneno ya mhakiki yapo karibu zaidi kuliko ya jibu, na yametajwa kuwa ndiyo yaliyosemwa, modeli imeyachukua na kuyarudisha. Ukimtilia shahidi maneno mdomoni, ndiyo utakayoyasikia.

Siku ya 9

Nimejaribu kuipa modeli mwanzo wa sentensi. Badala ya "nukuu sentensi kuhusu diski", ombi linasema "nukuu sentensi inayoanza na maneno: Epuka kuweka". Tofauti ni kubwa, na sasa najua kwa nini: modeli haihitaji kuamua ianzie wapi, na kunakili kunapata pa kushika tangu kipande cha kwanza. Lakini mhakiki anayejua sentensi inaanzaje ameshaiona, sasa ananukuliwa ya nini?

Nimejaribu pia "nukuu sentensi ya saba". Ovyo. Inahesabu vibaya, inaleta ya sita au ya nane. Angalau ilizonukuu zilikuwa kamili.

Hilo la mwisho limenikaa kichwani jioni nzima.

Siku ya 11

Nimebadilisha mpango. Nilikuwa nimeng'ang'ania kuifanya modeli iandike upya kitu ambacho mimi tayari ninacho kwenye hifadhidata, herufi kwa herufi. Jibu la asili tunalihifadhi tangu siku linapoandikwa. Kunakili ni kazi ambayo programu ya mstari mmoja haiikosei kamwe. Ambacho programu haiwezi ni kujua sentensi gani inahusu diski, na hicho modeli inakiweza vizuri.

Kwa hiyo kazi imegawanywa. Jibu likiandikwa, programu inalikata sentensi na kuzipa namba. Mhakiki akibonyeza kitufe, modeli inatumiwa jibu likiwa na namba zake, kila sentensi imetanguliwa na [1], [2], [3], na inaombwa irudishe namba tu. Haihesabu, inasoma namba iliyoandikwa mbele ya sentensi. Kisha:

```python
def leta(namba, sentensi):
    if namba not in sentensi:
        return None
    return sentensi[namba]
```

Kinachoingia kwenye kisanduku kinatoka kwenye hifadhidata. Modeli haiandiki neno hata moja la nukuu. "Vipimo zilizopita" inabaki zilizopita, "kuthibitsha" inabaki bila i yake, na sentensi ya tano haiwezi kushonwa na ya tisa.

Nimempigia mwenzangu ajaribu. Akarudia ile ya nakala ya zamani. "Sasa imekuja yenyewe," akasema, "na kompyuta nyingine ipo." Kisha akauliza kama maoni ya zamani yaliyoandikwa chini ya nukuu za kubuni yatafutwa. Nimemwambia yasifutwe, nitayapitisha kwenye kipimo cha siku ya 2, ambayo nukuu yake haimo kwenye jibu yatawekewa alama, na mhakiki aliyeyaandika ayasome tena akiwa na sentensi ya kweli mbele yake. Lile la "Haielezi namna ya kuhakikisha" lilikuwa la kwanza kuwekewa.

Siku ya 12

Kuna mahali ambapo hatuwezi kukwepa nukuu iliyoandikwa na modeli: pale inapoandika tathmini ndefu ya jibu na kutaja maneno ya jibu hilo katikati ya aya zake. Huko nimeweka sharti kwamba kila kilicho ndani ya alama za kunukuu kipite kwenye `sawazisha` na kutafutwa kwenye asili. Kisipopatikana, alama za kunukuu zinaondolewa na sentensi inawekewa rangi, ili msomaji ajue anasoma maelezo tu. Nilifikiria kuitaka modeli ijaribu tena mpaka ipatie, nikaacha. Kwa joto 0 na ombi lilelile italeta kosa lilelile, na kwa joto la juu ningekuwa nabahatisha.

Siku ya 14

Yaliyobaki ni mawili. La kwanza ni mkato wa sentensi. Programu inakata kwenye nukta, kwa hiyo "n.k." na "k.m." zinazaa sentensi za kitoto zenye herufi moja. Nimeandika orodha ya vifupisho visivyokatwa, nayo itaendelea kurefuka kila wiki.

La pili ni namba isiyo sahihi. Mara mojamoja modeli inaelekeza kwenye sentensi ya jirani, hasa sentensi mbili zinapozungumzia jambo moja. Nukuu inakuwa kamili, ila siyo aliyoitaka mhakiki. Wahakiki wanaligundua papo hapo, kwa sababu wanajua walichokuwa wakitafuta, nami nimewawekea vishale viwili vya kusogea sentensi moja juu au chini. Jana mmoja wao amevitumia mara tatu. Kitufe kimewashwa tena tangu asubuhi.